Mashine inayojua kusema ndiyo lakini haijui kusema hapana

Swali ninaloulizwa zaidi na wanafunzi wangu hapa Mtwara huja hivi: "Mwalimu, kama mantiki ya kauli inaamulika, kwa nini ya daraja la kwanza isiamulike? Si tuipe tu kompyuta muda wa kutosha?" Muda ndio hasa unaowachanganya. Mantiki inaamulika ikiwa kuna utaratibu mmoja ambao, ukipewa fomula yoyote, lazima umalize na kusema ndiyo au hapana: ni halali au si halali. Ya daraja la kwanza ni ile inayoongeza maneno "kila" na "kuna" juu ya mantiki ya kauli.

Kwenye mantiki ya kauli, fomula yenye herufi n ina mistari 2ⁿ katika jedwali la ukweli. Herufi 3 zina mistari 8, na herufi 30 zina mistari 1,073,741,824. Ni kazi ya kuchosha, lakini kabla hujaanza unajua itaishia wapi. Ukifika mstari wa mwisho bila kukuta "si kweli", fomula ni halali. Ukikuta mmoja, si halali. Kuchelewa si sawa na kutoamulika.

Ukiingiza "kila" na "kuna", jedwali linakufa, kwa sababu sasa unaulizwa kuhusu kila ulimwengu unaowezekana, hata wenye vitu visivyo na mwisho. Tazama sentensi hizi tatu, ambamo ∀ ni "kila", ∃ ni "kuna", ¬ ni "si kweli kwamba", ∧ ni "na", na → ni "ikiwa, basi":

```
A: ∀x ∃y R(x,y)
B: ∀x ¬R(x,x)
C: ∀x ∀y ∀z (R(x,y) ∧ R(y,z) → R(x,z))
```

Soma R(x,y) kama "y uko kaskazini ya x", tukizungumzia miji ya pwani yetu. A inadai kila mji una mwingine ulio kaskazini yake. Toka Mtwara nenda Lindi, toka Lindi nenda Kilwa, endelea. Miji ikiwa na idadi maalumu, lazima siku moja urudi mji uliokwisha kuupita. Hapo C inakulazimisha useme mji huo uko kaskazini ya wenyewe, na B imekataza. Kwa hiyo hakuna ulimwengu wenye ukomo unaozitosheleza zote tatu. Namba asilia, R ikiwa <, zinazitosheleza bila taabu.

Sasa iulize mashine kama ¬(A ∧ B ∧ C) ni halali. Kwa njia ya mti wa ukweli, mashine inadhania A, B na C, kisha inatafuta mgongano. Inaanza na kitu kimoja, c0. A inaleta c1 na R(c0,c1). A tena, kwa c1, inaleta c2 na R(c1,c2), na C inaongeza R(c0,c2). B inakataza R(c2,c2), lakini hakuna aliyedai hivyo. Inakuja c3, kisha c4. Tawi halifungi na halikamiliki. Jibu sahihi ni "si halali", ila mashine hii haitalitamka kamwe.

Ongeza D: ∃x ∀y ¬R(x,y), yaani kuna mji usio na mwingine kaskazini yake. Uite mji huo d. A inaleta e na R(d,e), D inasema ¬R(d,e), tawi limefunga. Hatua chache tu na jibu ni "ndiyo, ¬(A ∧ B ∧ C ∧ D) ni halali".

Hiyo ndiyo maana ya kusema mantiki ya daraja la kwanza inaamulika nusu: "ndiyo" hufika siku moja, "hapana" huenda isifike. Mwanamantiki Kurt Gödel alionyesha katika tasnifu yake ya 1929 kwamba kila fomula halali ina uthibitisho, na uthibitisho ni mfuatano wa alama wenye mwisho. Orodhesha mifuatano yote, kagua mmoja baada ya mwingine, na kilicho halali utakifikia. Kisicho halali kitakuacha ukisubiri, bila kujua kama uthibitisho uko ukurasa unaofuata au haupo kabisa.

Mwanafunzi mwerevu atasema: ule mfano wa miji mimi nimeuona unaenda bila kikomo, basi tuifundishe mashine kuona hivyo. Kwa mfano huo inawezekana. Kwa fomula zote haiwezekani, na hilo walilithibitisha wanahisabati Alonzo Church na Alan Turing, kila mmoja kwa njia yake, mwaka 1936. Kiini cha hoja ni hiki: chukua mashine ya Turing M, yaani kompyuta ya kinadharia inayofuata kanuni zake hatua kwa hatua, andika sentensi T inayoeleza hali yake ya mwanzo na jinsi kila hatua inavyozaa inayofuata, na H inayosema "kuna wakati inasimama". M ikisimama hatua ya 40, unaweza kuitoa H kutoka T kwa kufuata hatua hizo 40. Isiposimama, mwendo wake wenyewe usio na mwisho ni ulimwengu ambamo T ni kweli na H si kweli. Hivyo T → H ni halali ikiwa tu M inasimama. Mwenye algoriti ya kuamua uhalali angekuwa ameamua pia kusimama kwa mashine zote, jambo lisilowezekana.

Na usitafute mlango wa nyuma wa kuorodhesha zisizo halali. Ungekuwepo, tungeendesha orodha mbili kwa zamu, hatua moja huku na moja kule, na fomula yoyote ingetokea upande mmoja. Tungekuwa tumeamua.

"Kila" na "kuna" peke yake hazina hatia. Mwanahisabati Leopold Löwenheim alionyesha mwaka 1915 kwamba ukibaki na sifa za kitu kimoja kimoja, kama P(x) na Q(x), bila R(x,y), kila kitu kinaamulika: sifa k haziwezi kutofautisha aina zaidi ya 2ᵏ za vitu, hivyo inatosha kukagua malimwengu yenye vitu visivyozidi idadi hiyo. Uhusiano wa vitu viwili ndio unaokuwezesha kujenga mnyororo wa c0, c1, c2, na uhusiano mmoja tu wa namna hiyo unatosha kuvunja uamulikaji.