Kichwa cha imeli, urefu wake, na kwa nini majibu sita kwa mawili hayajakwambia kitu

Mwaka jana mwezi wa tisa alikuja ofisini kwetu fundi mmoja wa friji, kijana wa Kisauni, analalamika kwamba imeli hazifanyi kazi Mombasa, watu wa pwani hawasomi imeli. Mimi kazi yangu kwenye hiki kituo ni kuwashauri wafanyabiashara wadogo, na hiyo kauli nimeisikia mpaka nimezoea, kwa hivyo nikamwambia haya nionyeshe ulichotuma. Alikuwa ametuma imeli 80 kwa hoteli na mikahawa, zote kichwa chake kimoja: "Utangulizi wa kampuni na ombi la kufanya kazi na hoteli yenu tukufu". Ndani kuna salamu mistari mitatu, halafu historia ya kampuni (kampuni yenyewe ni yeye na shemeji yake), halafu atachmenti ya kurasa sita.

Nikamwambia chukua simu yako uitazame hiyo imeli kama vile umetumiwa wewe. Simu yake ilikata kichwa hapa: "Utangulizi wa kampuni na ombi la". Basi. Herufi 32 pamoja na nafasi zake, na hakuna hata neno friji. Simu nyingi zinaonyesha herufi 30 hadi 40 hivi za kichwa, inategemea skrini na ukubwa wa maandishi, kwa hivyo kitu unachouza kikikaa neno la nane ni kama hukukiandika. Injinia wa hoteli yuko jikoni anahangaika na oveni, anatoa simu mfukoni, anaona ombi, anajua tu kuna mtu anataka kitu, anairudisha mfukoni.

Tukaandika kingine: "Friji za jikoni kabla ya Desemba". Kihesabu, nacho ni 32 vilevile! Nafasi ileile ya skrini, lakini hapa msomaji anajua ni kitu gani, cha nani, na kwa nini leo. Wengine hupenda vichwa vya ujanja, "Swali moja tu" au kuweka Re: mbele ionekane kama mlikuwa mshaongea. Vitafunguliwa, sikatai. Lakini mtu akigundua amechezewa anakujibu kwa hasira au anabonyeza spamu, na wakibonyeza wachache tu Gmail inaanza kukutilia shaka hata kwa wale ambao wangekusikiza.

Sasa urefu. Hapa kwetu kuna mambo ya adabu, manake huwezi kumvamia mtu hujamsalimia. Barua za wazee wetu zilikuwa salamu ni nusu ukurasa ndo uje kwenye wa baadahu. Tatizo ni kwamba kwenye orodha ya imeli, pembeni au chini ya kichwa, simu inaonyesha maneno ya kwanza ya ndani. Ukianza "Natumai barua hii itakukuta ukiwa buheri wa afya wewe na familia yako" basi ule mstari wa bure ushaumaliza kwa kitu kisichomhusu. Kijana alikataa kata kata kuondoa salamu, na nadhani alikuwa na haki, kwa hivyo tukaacha moja fupi halafu moja kwa moja kazini. Ikawa hivi:

"Salaam Bwana Injinia. Mimi ni fundi wa friji na vyumba vya baridi, niko Kisauni. Msimu wa Desemba ukianza kompresa hufanya kazi mchana na usiku, na chumvi ya bahari huwa ishakula kondensa. Ninakagua friji zote za jiko moja kwa asubuhi moja, shilingi 4,000, na unapata orodha ya zilizo karibu kuharibika. Naweza kupita Jumanne au Jumatano saa tatu?"

Maneno 56. Ukisoma vitabu vya Kiingereza utaambiwa maneno kadhaa, 80, 100, 120, lakini hiyo hesabu usiikopi vilevile, manake Kiswahili kinagandisha, "nitakachokuletea" ni neno moja na Mwingereza anahitaji karibu sita. Kipimo changu mimi ni skrini: imeli yote isomeke kwenye simu bila kusukuma kwa kidole zaidi ya mara moja, na swali la mwisho liweze kujibiwa na mtu amesimama. "Jumatano" ni jibu. "Tungependa kujua mtazamo wenu kuhusu ushirikiano" halina jibu la neno moja, na mtu ambaye hakujui hatakaa chini akutungie insha.

Hapo sasa kijana akasema sawa, tujaribu, na hapa ndo watu wengi huharibu. Alikuwa ashaanza mwenyewe kabla hajarudi kwangu. Ametuma kichwa cha zamani kwa watu 40 siku ya Ijumaa, na kipya kwa 40 wengine Jumanne, na kipya amekiwekea imeli fupi, cha zamani kimebaki na ile ndefu. Akaja anafurahi, majibu mawili kwa sita, mara tatu! Nikamuuliza, je kilichoshinda ni kichwa, ama ufupi, ama Jumanne? Ijumaa mchana Mombasa watu wako msikitini halafu wengi hawarudi ofisini, na imeli ya Ijumaa inaamka Jumatatu chini ya nyingine hamsini. Hakuna anayeweza kujua.

Lakini hata angefanya sawasawa, sita kwa mawili bado si kitu. Angalia hivi. Umepata majibu manane jumla. Kama vichwa vyote viwili ni sawa kabisa na umewatumia watu idadi sawa, basi kila jibu ni kama kurusha shilingi, linaweza kuangukia upande wowote. Chukua shilingi urushe mara nane, rudia hilo zoezi mara nyingi, utakuta karibu mara 29 katika 100 upande mmoja unapata sita au zaidi. Yaani karibu thuluthi ya wakati utatangaza mshindi ambaye hayupo. Saba kwa moja au zaidi ya hapo inatokea kama mara 7 katika 100, hapo unaanza kusikiliza. Ukifika majibu 20 na yamegawanyika 15 kwa 5, hiyo au zaidi yake inatokea kwa bahati mara 4 tu katika 100, na mimi kwa biashara ya mtu mdogo hapo naridhika.

Kwa hivyo tulianza upya na tukakubaliana mambo kabla ya kutuma, si baada. Tutaendelea mpaka majibu 20, hakuna kusimama njiani kwa sababu upande tunaoupenda umetangulia, manake ukichungulia kila siku na kusimama ukifurahi utajidanganya tu. Imeli ya ndani ni moja kwa wote, ile fupi, kinachobadilika ni kichwa peke yake. Na kila siku ya kutuma wanatumwa 20, kumi kichwa hiki kumi kile, Jumatatu mpaka Alhamisi. Ishirini kwa siku si kwa sababu Gmail inakataa zaidi, ya bure inakubali mpaka 500, ni kwa sababu akaunti ambayo jana ilikuwa kimya ikianza ghafla kumwaga imeli zinazofanana inaonekana mbaya, na pia kwa sababu alitakiwa aangalie kila jina kabla ya kutuma.

Orodha alikusanya mpya, hoteli, mikahawa, bucha, wauza samaki, maduka ya dawa, kuanzia Malindi mpaka Diani, jumla 260, anwani za ofisi walizoweka wenyewe kwenye tovuti zao. Za watu binafsi nilimkataza, kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019 na haichezi na anayetumia taarifa za mtu kibiashara bila ridhaa, na mtu akisema usiniandikie tena anafutwa siku hiyohiyo. Kugawanya nani apate kichwa kipi hatukuchagua kwa macho, manake angewapa hoteli kubwa kile anachokipenda bila kujua. Kwenye jedwali weka safu mpya, kila mstari uandike hii:

```
=RAND()
```

kisha zikopi hizo namba uzibandike kama namba tupu zisibadilike tena, panga orodha kwa safu hiyo, nusu ya juu kichwa cha kwanza, nusu ya chini cha pili.

Jibu nalo tulilifafanua. Ile ya mashine "nipo likizo" haihesabiwi. "Asante, tutakuita" haihesabiwi, hiyo ni heshima. Inayohesabiwa ni mtu kauliza bei, kauliza swali la kazi, au kataja siku. Na kila imeli inapewa siku saba kabla ya kuandikwa kwamba haikujibiwa.

Alitaka pia kuhesabu waliofungua, kuna programu ilimwonyesha wamefungua wengi mno na majibu hakuna, akachanganyikiwa. Hizo programu zinaficha kapicha kadogo ndani ya imeli, kakipakuliwa wanasema imefunguliwa. Lakini tangu Septemba 2021 programu ya barua ya Apple inaweza kuzipakua hizo picha yenyewe hata kama mwenye simu hajaigusa imeli. Kwa hivyo nambari ya waliofungua ukiitumia kuchagua kichwa unaweza kuwa unapima nani ana aifoni. Tukaizima.

Iliwachukua wiki tatu na kitu. Baada ya imeli 200, mia kwa mia, majibu yalifika 20: cha zamani 5, cha friji 15. Hapo nikamwambia haya, kimeshinda. Ni kwa sababu ya neno friji ama Desemba? Hatujui, vyote vilibadilika pamoja, na ikifika Januari hicho kichwa kishakufa lazima atafute sababu nyingine ya leo, labda Aprili na Mei hoteli zikiwa tupu na zinafanya ukarabati.

Urefu alitaka kuupima vilevile, na watu aliobaki nao ni 60. Akatuma, fupi 30 ndefu 30, kichwa kile kilichoshinda kwa wote. Majibu tisa, matano ya fupi, manne ya ndefu. Hiyo ni sare, na pwani yote ishaisha, hana wageni wengine wa kuwaandikia. Ndiyo maana tulianza na kichwa, manake orodha ya mtu mdogo inaisha kabla maswali hayajaisha, na imeli ambayo haijafunguliwa haina urefu. Alibaki na fupi kwa sababu nyingine kabisa: wawili kati ya wale wanne wa ndefu waliuliza bei, na bei ilikuwa imeandikwa humo humo, aya ya tatu.