Mgongo wa muda mrefu: lala chini, usiinue kitu... halafu?

Mwezi wa tatu alikuja mama mmoja ntilie, miaka 46, kashikwa mkono na mwanae anatembea kama kabeba yai. Mgongo chini pale kiunoni ulikuwa unamuuma miezi mitano, na kila aliyemwambia shida yake alimpa jibu lilelile, lala kwenye mkeka sakafuni, usiiname, usibebe kitu. Akalala. Wiki tatu nzima, anaamka kula na kwenda msalani tu, biashara kamwachia mdogo wake. Sasa alivyojaribu kuamka ndo akakuta hata kuvaa viatu kazi.

Mimi ni fizio na huu ushauri nakutana nao karibu kila siku, naelewa unatoka wapi maana ukilala kweli unapata nafuu. Shida ni kwamba nafuu ile ni ya saa ile tu. Maumivu yakishapita wiki 12 tunayaita sugu, na kwa watu wengi hapo hakuna kidonda ndani kinachosubiri kupumzishwa kipone, kilichobaki ni mishipa ya fahamu iliyozoea kupiga kelele hata kwa jambo dogo, yaani kama ile alamu ya gari inayolia paka akipita. Ukilala wiki tatu alamu haizimiki, ila misuli inayoshika pingili za mgongo inasinyaa, pumzi inakata haraka, usingizi unavurugika sababu umelala mchana kutwa, na kubwa kuliko yote unaanza kuogopa kuinama. Hata kwa maumivu mapya kitanda hakisaidii: kuna utafiti wa Helsinki uliochapishwa 1995, wafanyakazi wa jiji wenye mgongo mpya waligawanywa, wengine walale siku mbili, wengine wapewe mazoezi, wengine waendelee na shughuli zao kadiri wanavyoweza, na hao wa mwisho ndo walipona vizuri zaidi. Siku mbili tu hizo, sembuse wiki tatu.

Ila kabla sijamwambia mama asimame nilimuuliza maswali kwanza, na hapa naomba usiruke. Mgongo wa kawaida una tabia ya kupanda na kushuka, leo unauma kesho afadhali, kuna mkao unaokupa nafuu. Unaonitia wasiwasi ni ule usiojali umekaaje, unazidi wiki hadi wiki, unakuamsha usiku. Hapo nauliza nguo zimeanza kupwaya? Homa za jioni, jasho la usiku? Kuna mtu ana kikohozi nyumbani, au mgonjwa mwenyewe ana VVU? Kwetu huku TB inaingia mpaka kwenye pingili, na mara nyingi mgonjwa hakohoi kabisa, anatibiwa "mgongo" kwa diklofenaki miezi mpaka siku pingili inabonyea na kinundu kinatokeza. Wafugaji na wanaokunywa maziwa mabichi nawauliza pia kuhusu brusela, ugonjwa unaotoka kwa mifugo. Aliyewahi kuugua saratani, hasa ya titi au tezi dume, simgusi kwa mazoezi mpaka apigwe picha. Mzee aliyeanguka hata kidogo tu, au mtu aliyetumia vidonge vya steroidi muda mrefu, nawaza pingili imevunjika. Na kijana ambaye mgongo unakaza asubuhi zaidi ya nusu saa halafu unalegea akitembea, huyo huenda ana aina nyingine ya uvimbe wa viungo, aonwe na daktari wa viungo.

Jibu moja la "ndiyo" halimaanishi una saratani jamani, mtu akichanganya mawili matatu, au akiwa kati ya hao wa saratani na pingili kuvunjika niliowataja, ndo namrudisha kwa daktari na barua, apimwe damu na picha. Mama yetu hakuwa na hata moja. Alitaka picha ya MRI kwa nguvu nikamwambia hata wasioumwa kabisa umri wake wengi wakipigwa wanaonekana na diski zilizochakaa, atarudi na karatasi ya kumtisha tu.

Tukaanza na kutembea dakika tano, mara tatu kwa siku, anafuata saa sio maumivu: zikifika tano anaacha hata kama anajisikia vizuri, na hazikatishi kwa sababu tu kunauma kidogo. Kila baada ya siku tatu anaongeza dakika mbili. Kuinama tulianzia kuokota kopo mezani, kisha kwenye kiti, kisha chini. Wiki ya pili alipiga simu analia mgongo umerudi, kumbe siku moja alijisikia poa akafua nguo za wiki nzima! Tulirudi hatua moja nyuma, hatukurudi kitandani. Wiki ya kumi alinyanyua ndoo ya lita 20 mbele yangu. Bado unamuuma siku nyingine, sufuria zake lakini kazirudia.

Kitu kimoja kisichosubiri kesho: ganzi kwenye makalio na sehemu za siri kama umekalia tandiko, mkojo kugoma kutoka au kutoka bila habari, choo kupotea breki, miguu yote kulegea. Yaani hata ikiwa saa nane usiku, tafuta usafiri uende hospitali kubwa yenye upasuaji usiku huohuo, maana mishipa ya fahamu ya kule chini ikibanwa muda mrefu mkojo unaweza usirudi kawaida tena.