Betri za lithiamu ndani ya lori la taka: dhana potofu na ukweli

Dhana: Pawabanki iliyokufa haina moto tena.

Taa zikizimika zote, maana yake ni kwamba saketi ya ndani imekata umeme seli ilipokaribia volti 3 ili isiharibike. Seli yenyewe bado ina chaji kidogo, na kimiminika kilichomo ndani yake hushika moto kwa urahisi.

Ya kuogopwa zaidi ni pawabanki iliyotupwa kwa sababu tundu la kuchajia limelegea au waya wa ndani umekatika. Mwenyewe anasema imekufa, kumbe seli imejaa. Chukua ile ya kawaida ya mAh 10,000: kwa volti 3.7 inabeba wati-saa 37, nguvu inayotosha kuchemsha vikombe viwili vya maji ya chai. Nguvu hiyo ikitoka kwa dakika chache ndani ya rundo la kaveera na maboksi makavu, moto lazima uwake.

Dhana: Lori la taka huungua kwa sababu ya majivu ya sigiri au kipande cha sigara.

Majivu ya moto huwasha kweli, na watu wa Kampala waendelee kuyamwagia maji kabla ya kuyatupa. Lakini betri ina njia yake. Lori la kushindilia lina bamba la chuma linalosukumwa kwa haidroli. Bamba hilo likikunja pawabanki, ngozi nyembamba ya plastiki inayotenganisha pande mbili za seli hupasuka, pande hizo zikagusana na joto likapanda. Kwenye nyuzijoto 130 hivi ngozi iliyobaki huyeyuka. Joto likizidi kupanda, kemikali za seli huanza kutoa oksijeni zenyewe, ndiyo maana moto wa betri hauzimiki kwa kufungiwa hewa tu.

Majivu hufuka polepole. Betri huanza kwa mlio wa kufoka na moshi mweupe au wa kijivu wenye harufu kali inayokaribia ile ya dawa ya kutolea rangi ya kucha, kisha milio ya kupasuka inafuatana. Moshi huo una sumu, usisogee kuuchungulia.

Dereva akiona hivyo, aache kushindilia mara moja. Apeleke gari mahali pa wazi, mbali na nyumba, kituo cha mafuta na nyaya za umeme, awashushe wenzake na apige 999 au 112. Kama bado kuna usalama wa kufanya hivyo, amwage mzigo chini. Kuuacha ndani ni kuhatarisha mipira ya haidroli, na mafuta yake yakishika moto gari lote huteketea.

Dhana: Lithiamu haimwagiwi maji.

Maneno haya yanafaa kwa lithiamu tupu ya metali. Betri ya pawabanki au ya bodaboda ya umeme ni ya ioni za lithiamu, na maji mengi ndiyo huipoza. Mchanga huzuia cheche zisiruke, lakini haupozi seli. Poda ya kizimamoto huua ndimi za moto, halafu seli ya jirani inawaka. Betri iliyokwisha kuungua itengwe mita 15 kutoka kitu chochote kinachowaka na iangaliwe kwa siku mbili, kwa kuwa inaweza kuwaka upya. Ikifukiwa haraka kwenye jalala ambako taka zinazooza hutoa gesi ya methani, moto huenda chini ya rundo na kufuka huko kwa muda mrefu bila kuonekana.

Dhana: Betri ya bodaboda ya umeme ni skrapu kama betri ya gari.

Betri ya volti 72 na Ah 40 ina wati-saa 2,880, yaani karibu pawabanki 78 kwa pamoja. Anayeipasua kwa patasi ili atoe shaba anaweza kuunganisha seli kwa chuma alichoshika. Betri ya kubadilishana irudishwe kwenye kituo ilikotoka. Ya pikipiki au baiskeli yako mwenyewe irudi kwa aliyekuuzia, bila kufunguliwa.

Kwa pawabanki ya nyumbani, funika matundu yote kwa selotepu na usiitoboe. Usiiloweke kwenye maji ya chumvi pia, maana chumvi hula vyuma vyake na hutoa gesi inayowaka. Kama imevimba, usiichaji tena: iweke nje ya nyumba, kwenye debe la chuma lenye mchanga mkavu, bila kukaza kifuniko. Isiingie kwenye kaveera la taka. Mpe mzoaji mkononi, ukimwambia ni betri, naye aitie kwenye ndoo ya pembeni iliyo mbali na bamba la kushindilia. Kampuni isiyo na ndoo hiyo iulizwe na wateja wake, maana wapakiaji ndio wanaosimama nyuma ya lori mlio wa kwanza unaposikika.