Je, kutenganisha masafa hufuta vitundu vya ngozi?

Kuna ujumbe unaosambazwa kuhusu kutenganisha masafa, mbinu ya kusafisha picha za uso: “Msitumie kutenganisha masafa, kunafuta vitundu vya ngozi na uso unakuwa wa plastiki.”

Kutenganisha kwenyewe hakubadilishi kitu. Katika Photoshop, ukishagawa picha tabaka mbili, ya chini yenye rangi na ya juu yenye umbile kwa Linear Light, zizime na kuziwasha zote kwa pamoja: picha isibadilike. Ikibadilika, umekosea kwenye Apply Image. Kwa picha ya biti 8 weka Subtract, Scale 2, Offset 128.

Kosa huanzia kwenye Gaussian Blur ya tabaka ya chini. Tuseme umeweka pikseli 3 kwenye uso uliopigwa karibu, na vitundu bado vinaonekana humo. Ukija kulainisha mabaka ya shavu, unavifuta navyo. Ongeza hadi vipotee tu, pengine 8, kisha simama. Ukizidisha, mabaka yenyewe huhamia juu. Halafu zungushia baka kwa Lasso yenye Feather na utie ukungu chini tu.

Wengi hulainisha tabaka ya juu kimakosa, ndipo lawama ikaangukia mbinu. Ujumbe huo ukikufikia, usiusambaze. Jaribu kwanza kuzima na kuwasha.