Pengo la utafiti: kulionyesha bila kudai kwamba hakuna aliyewahi kutafiti

Neno "pengo" tunalijua zaidi kinywani. Mtu ana pengo kwa sababu jino moja limeng'oka huku mengine yamebaki pande zote mbili. Asiye na jino hata moja hatusemi ana pengo, tunamwita kibogoyo. Katika utangulizi wa tasnifu au makala ni vilevile: pengo la utafiti ni nafasi inayoonekana kwa sababu kazi za wengine zimeizunguka. Marejeo unayoyataja ndiyo meno. Ukiandika "hakuna utafiti wowote uliofanyika", umejing'oa meno yote kisha unataka msomaji aone pengo.

Chukua mada ya vyandarua vya mbu kutumika ziwani. Mwanafunzi anaandika: "Hakuna utafiti uliochunguza matumizi ya vyandarua katika uvuvi Afrika Mashariki." Mtahini anayeijua mada anaishia hapo, kwa sababu kazi zipo. Mwaka 2008 Minakawa na wenzake walichapisha uchunguzi kutoka vijiji vya wavuvi kando ya Ziwa Victoria, upande wa Kenya, walikokuta vyandarua vikitumika kuanikia samaki na kuvulia. Sababu waliyopewa haikuwa ya ajabu: vinapatikana bure au kwa bei ndogo, na samaki hukauka upesi juu yake. Mwaka 2014 McLean na wenzake waliripoti kutoka Ziwa Tanganyika kwamba kaya nyingi walizozihoji zimewahi kuvulia chandarua. Katikati yao, mwaka 2011, Eisele na wenzake walihoji kama kweli kuna ushahidi kwamba vyandarua vinatumika vibaya kwa wingi, wakaona ushahidi uliokuwepo hautoshi kwa dai hilo.

Zisome tena kazi hizo tatu pamoja. Zinavutana. Mbili zinasema jambo lipo, tena kwa wingi, na moja inasema tusilikuze. Hapo ndipo penye utamu. Huenda zote ziko sahihi, maana anayehesabu kwenye mialo anakwenda palepale vyandarua vinapoanikiwa samaki, ilhali anayetazama nchi nzima anakuta kaya nyingi zisizo na hata mtumbwi. Isitoshe, chandarua kilichotoboka na kustaafishwa si sawa na kipya kilichoondolewa kitandani. Cha kwanza, kikiwa kimeshabadilishwa kwa kingine, hakimwongezei mtoto hatari ya mbu, cha pili kinamwacha na mbu. Ukikikuta mwaloni leo, hutajua kilitoka kitandani lini na kama kingine kilichukua nafasi yake.

Sasa aya ya utangulizi inaweza kuandikwa hivi:

"Matumizi ya vyandarua katika uvuvi yameripotiwa katika Ziwa Victoria (Minakawa na wenzake, 2008) na Ziwa Tanganyika (McLean na wenzake, 2014), ingawa kuenea kwake kumehojiwa (Eisele na wenzake, 2011). Tafiti hizi hazikufuatilia chandarua kilekile tangu kinapogawiwa hadi kinapoacha kutumika kitandani. Kwa hiyo hazitoshi kuonyesha kama kinachofika ziwani ni kipya au chakavu, jambo linaloamua kama kinga ya familia imepungua."

Hakuna mahali aya hii inaposema jambo halijatafitiwa. Dai lake ni dogo, na msomaji anaweza kulihakiki kwa kufungua kazi tatu tu. Sentensi ya mwisho ndiyo inayosahaulika mara nyingi: inaeleza kwa nini nafasi hiyo izibwe. Kutokuwepo kwa kitu peke yake si sababu. Ndiyo maana mimi siridhiki na "haujafanyika katika wilaya yetu", mpaka mwandishi aseme wilaya ile ina nini kinachoweza kubadilisha jibu.

Ukitaka kusema kwa upana zaidi, taja ulivyotafuta: hifadhidata zipi, kwa maneno gani, lugha zipi, hadi tarehe ipi. "Katika utafutaji huu hatukupata" ni kauli unayoweza kuitetea. Kuhusu Ziwa Tanganyika, aliyetafuta kwa Kiingereza tu ameziacha kazi za Kifaransa za Kongo na Burundi, na tasnifu zilizolala maktabani bila kuchapishwa hazitajitokeza zenyewe.

Kuna mtego mmoja zaidi. Makala ya zamani humaliza kwa kusema "utafiti zaidi unahitajika", nasi tunainukuu kama ushahidi wa pengo. Lakini aliyesema hivyo mwaka 2008 alisema kuhusu 2008. Itafute makala hiyo Google Scholar, bonyeza "Cited by" chini yake, usome waliokuja baadaye. Pengine jino limeshawekwa. Likiwa limewekwa, litaje, kisha tazama kama bado kuna nafasi pembeni yake.