Kitunda kikifika mwisho wa ubao: lini farasi, lini ngome, lini malkia

Kitunda kikigusa mstari wa mwisho, mkono wa wachezaji wengi wa chesi huenda kwa malkia bila hata kutazama. Mara nyingi sana hapo hakuna kosa. Lakini zipo nafasi ambamo malkia anapoteza ushindi uliokuwa mkononi, na zipo nyingine ambamo farasi anafanya kazi ambayo malkia haiwezi kabisa. Tatizo ni kwamba maelezo yanayozunguka kuhusu jambo hili yamechanganya mambo mawili tofauti: cheki na mkwamo, yaani sare inayotokea mchezaji anapokosa hatua halali bila kuwa kwenye cheki.

Katika maandishi ya hatua, K ni mfalme, Q malkia, R ngome, B askofu na N ni farasi. Alama ya + ni cheki, # ni chekimeti, x ni kula, na = huonyesha kipande ambacho kitunda kimegeuzwa.

Dhana: Malkia ana nguvu zote, kwa hiyo hakuna anachokosa.

Malkia ana mwendo wa ngome na mwendo wa askofu kwa pamoja. Mruko wa farasi hana. Ukweli huu mdogo ndio unaopanga kila kitu kinachofuata. Ukichagua ngome au askofu, hupati mraba hata mmoja ambao malkia asingeufikia. Unapunguza nguvu kwa makusudi, na sababu yake karibu kila mara ni mkwamo. Ukichagua farasi, unapata miraba mipya ambayo malkia akiwa palepale hawezi kuipiga. Kwa hiyo farasi ndiye pekee anayeweza kutoa cheki pale ambapo malkia asingetoa.

Mfano bora umo kwenye ufunguzi wa Albin, katika mtego unaoitwa mtego wa Lasker:

```
1.d4 d5 2.c4 e5 3.dxe5 d4 4.e3 Bb4+
5.Bd2 dxe3 6.Bxb4 exf2+ 7.Ke2 fxg1=N+
```

Kosa la Mweupe ni hatua ya 6. Baada ya hapo hana tena njia ya kula kitunda cha f2, kwa sababu mfalme akiondoka e1 kwenda f2, malkia wa d1 anabaki bila mlinzi na Mweusi anamla kutoka d8. Ndiyo maana anakwenda e2. Sasa tazama safu ya d: iko wazi kutoka juu hadi chini, na malkia wawili wanatazamana.

Mweusi akila g1 na kuchukua malkia, hakuna cheki. Mweupe ana nafasi ya kucheza 8.Qxd8+, Mweusi analazimika 8...Kxd8, kisha 9.Rxg1 inamla malkia mpya. Ukihesabu vipande, pande zote mbili zimebaki sawa. Kazi yote imepotea.

Akichukua farasi, hadithi inageuka. Farasi wa g1 anapiga e2, f3 na h3, na mfalme yuko e2. Ni cheki, kwa hiyo Mweupe hana muda wa kumla malkia wa d8. Akimla farasi kwa 8.Rxg1, inakuja 8...Bg4+. Askofu anampiga mfalme, na nyuma ya mfalme, kwenye mshazari huohuo, amekaa malkia wa d1. Mfalme akisogea popote, malkia ameliwa. Akikimbia kwa 8.Ke1, Mweusi anaendelea 8...Qh4+, na kuziba kwa 9.g3 kunajibiwa 9...Qe4+, cheki inayoipiga pia ngome ya h1. Njia ya kuvumilia ni 9.Kd2, lakini mfalme yuko katikati ya ubao na Mweusi ana kipande cha ziada.

Dhana: Kuiona cheki ya farasi kunahitaji kipaji.

Kunahitaji kujua miraba isiyozidi minne. Farasi akitua mstari wa 8 kwenye safu za c hadi f, anapiga miraba minne. Kwa mfano, kutoka c8 anapiga a7, b6, d6 na e7. Kwenye safu ya b au g anapiga mitatu, na kwenye kona miwili tu.

Kuna kipimo cha haraka zaidi. Farasi siku zote hupiga miraba ya rangi tofauti na ule aliosimama. Basi tazama rangi ya mraba wa kupandishia na rangi ya mraba wa mfalme adui. Zikifanana, cheki ya farasi haipo, usipoteze dakika. Zikitofautiana, ndipo uhesabu mruko. Katika mtego wa hapo juu g1 ni mraba mweusi na e2 ni mweupe, kwa hiyo swali lilistahili kuulizwa.

Cheki peke yake haitoshi, lakini. Jiulize cheki hiyo inaleta nini: inakuzuia kuchekiwa meti, inapiga kipande kingine kwa wakati mmoja, au inampokonya adui hatua aliyokuwa akiitegemea? Kama jibu ni hapana mara tatu, rudi kwa malkia.

Dhana: Ukihofia mkwamo, chukua farasi.

Hii ndiyo dhana inayogharimu zaidi, na inastahili kukaliwa. Mkwamo ni pale mchezaji mwenye zamu hana hatua halali hata moja na mfalme wake hayuko kwenye cheki. Mchezo unaisha sare papo hapo.

Panga nafasi hii: mfalme Mweupe b5, kitunda cheupe c7, mfalme Mweusi a7. Zamu ya Mweupe.

Ukicheza c8=Q, malkia anafunga a8 na b8 kwa mstari, na b7 kwa mshazari. Mfalme wako anafunga a6 na b6. Mfalme Mweusi hayuko kwenye cheki na hana pa kwenda. Sare.

Ukicheza c8=N+, ni kweli unatoa cheki na mkwamo haupo. Lakini umebaki na mfalme na farasi mmoja, na vipande hivyo haviwezi kutoa chekimeti. Sare tena, kwa njia nyingine.

Ukicheza c8=R, ngome inafunga a8 na b8 lakini haifikii b7. Mweusi anacheza Kb7, anaipiga ngome, wewe unaisogeza hadi c5 kwa usalama, na mfalme na ngome dhidi ya mfalme pekee ni ushindi wa kawaida. Ngome ndiyo dawa ya kwanza ya mkwamo, kwa sababu inaacha mshazari wazi na bado ina nguvu ya kumaliza mchezo. Nafasi maarufu ya Saavedra ya mwaka 1895 inasimama juu ya wazo hilihili: kitunda kinafika c8, malkia angeruhusu Mweusi kutoa ngome yake bure na kupata mkwamo, na ngome inashinda.

Sasa ongeza kitunda kimoja cheupe a6, vingine viache vilivyo. Kitunda hicho kinafunga b7. Ghafla ngome haifai: a8 na b8 zimefungwa na ngome, b7 na kitunda, b6 na mfalme, na a6 haiwezi kuliwa kwa kuwa mfalme wako anailinda. Malkia anakwamisha, ngome pia inakwamisha. Hapa farasi ana haki yake, kwa sababu mbili zinazokwenda pamoja: c8=N+ ni cheki, kwa hiyo mkwamo hauwezekani, na kitunda cha a6 kimebaki ili kumalizia kazi.

```
1.c8=N+ Ka8 2.Kb6 Kb8 3.Ne7 Ka8
4.Nd5 Kb8 5.a7+ Ka8 6.Nc7#
```

Akijibu 5...Kc8, unacheza 6.a8=Q+ na una malkia. Akianza na 1...Kb8 ili amle farasi, cheza vilevile 2.Kb6. Akimla kwa 2...Kxc8, basi 3.a7 na hakuna wa kukizuia kitunda, kwa kuwa a7 inafunga b8 na mfalme wako anafunga b7. Akirudi 2...Ka8, usisukume 3.a7 kwa pupa: mfalme wake atakuwa amekwama kona bila cheki, na sare uliyoikwepa umeirudisha mwenyewe. Cheza 3.Ne7 Kb8 4.Nd5, na kama anakwenda 4...Ka8, toa cheki kwanza, 5.Nc7+ Kb8 6.a7+ Kc8 7.a8=Q+.

Kanuni inayotoka hapo ni nyembamba. Farasi anaponya mkwamo pale tu ambapo una kitu kingine ubaoni cha kushindia, au mruko wake unashinda kipande. Vinginevyo chagua ngome.

Na kuna chaguo ambalo watu hulisahau: kutopandisha sasa hivi. Katika nafasi hiyo yenye vitunda viwili, 1.Kc6 pia inashinda. Mweusi akila a6, 2.c8=Q+ ni cheki na si mkwamo; akienda a8, inakuja 2.c8=Q+ Ka7 3.Qb7#. Kabla ya kuchagua kipande, uliza kama kitunda kinaweza kusubiri hatua moja. Kama Mweusi hana tishio lolote, mara nyingi kinaweza.

Dhana: Farasi ni silaha ya anayeshinda.

Anayeokoa mchezo anamhitaji vilevile. Mweupe ana mfalme d3 na ngome h2. Mweusi ana mfalme d1 na kitunda c2, na ni zamu yake. Akichukua malkia kwa c1=Q, Mweupe anacheza Rh1#. Malkia mpya amekaa nyuma ya mfalme wake, hawezi kuziba wala kula. Lakini c1=N+ inampiga mfalme wa d3, tishio la meti linakatika, na mfalme na farasi walio karibu kwa kawaida hushikilia sare dhidi ya ngome. Kwenye safu za a na h usitegemee hilo: farasi anayezaliwa kona ana miraba miwili tu na mara nyingi hukamatwa.

Dhana: Ukikosea kipande unaweza kukibadilisha.

Kwa sheria za FIDE, shirikisho la chesi la dunia, uchaguzi unakamilika pale kipande kipya kinapogusa mraba wa kupandishia. Ngome iliyopinduliwa kichwa chini huhesabiwa ngome, si malkia. Kama kipande unachokitaka hakipo mezani, simamisha saa na umwite mwamuzi akuletee. Kwenye mtandao, kagua mpangilio wa kupandisha malkia moja kwa moja na uuzime kabla ya mchezo kuanza, kwa sababu ukiwa umewashwa, ubao hautakuuliza unataka kipande gani.