Namba ya mteja wa bafta: tulivyoanza upya orodha ya simu ya duka la vitambaa Chake Chake

Kazi yangu ni kuwapangia wafanyabiashara kumbukumbu za wateja, Unguja na Pemba. Niliyojifunza kuhusu ruhusa ya kumtumia mteja matangazo yalianza na kosa langu mwenyewe, katika duka moja la vitambaa Chake Chake.

Mwenye duka, mama mtu mzima ambaye sote tulimwita Bi Mkubwa, alikuwa na madaftari matatu yaliyojaa namba za simu. Alitaka watu wajue kwamba mzigo mpya umefika. Nikaketi siku mbili nikazichapa namba zote kwenye kompyuta, mistari 412, tukanunua ujumbe wa jumla, nikatuma: "Mzigo mpya umefika, mteja wetu mpendwa, karibu tena." Sikuuliza zile namba ziliandikwa kwa sababu gani.

Magharibi ile ile simu ya duka ikaita. Nikapokea mimi. Sauti ya mwanamme, taratibu kabisa: "Kaka, mie hapo nilichukua bafta ya kumzikia mama. Mnanikaribisha tena kwa lipi?"

Nilimuomba radhi. Kisha nikalifungua daftari nikautafuta mstari wake. Ulikuwa na namba, jina moja na kiasi cha pesa, basi. Msiba ulikuwa wa ghafla, akachukua sanda kwa mkopo, akaacha namba ili akumbushwe deni. Wiki tatu baadaye mimi nikaifanya namba ile kuwa ya biashara.

Usiku ule nilipitia madaftari yote pamoja na karani, mstari kwa mstari, nikimuuliza kila namba ilifikaje pale. Tukaona ziliingia kwa njia nne. Wengine walikuwa na deni. Wengine walisubiri kitambaa kilichokwisha, wapigiwe kikifika. Wengine waliacha nguo kwa fundi wa pale barazani. Na wengine hawakutoa namba kabisa: karani aliinakili kutoka kwenye ujumbe wa malipo ya simu, pale mteja alipolipa kwa mtandao. Katika mistari 412 hakuna hata mtu mmoja aliyeulizwa kama anataka matangazo.

Hapo ndipo wenye maduka wengi wanapojikwaa. Husema, "Lakini namba alinipa mwenyewe." Kweli, alikupa, ila alikupa kwa kazi moja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imesimama juu ya jambo hilo hilo: taarifa ya mtu ikusanywe kwa lengo linalojulikana, na itumike kwa lengo hilo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inagusa matangazo yenyewe. Inataka mpokeaji awe amekubali, mtumaji ajitambulishe mwanzoni mwa ujumbe, na mpokeaji apewe njia ya kukataa ujumbe mwingine. Kuna nafuu kwa mtu aliyekwisha kununua kwako, kama unamtangazia bidhaa za aina ile ile na ulimpa nafasi ya kukataa. Lakini mtu wa sanda hakupewa nafasi hiyo, na kitenge cha Idi si bidhaa ya aina moja na bafta ya maziko, hata kama vyote vimekatwa kwa mkasi mmoja.

Tukaanza upya. Shauri la kwanza la karani lilikuwa tuwatumie wote ujumbe wa kuomba ruhusa. Nilikataa, maana huo nao ni ujumbe ambao hawakuuruhusu, na mtu asiyejibu hajakubali. Tukaamua ruhusa iombwe kwa mdomo, mteja akiwa mbele ya meza, baada ya kulipa. Maneno tuliyaandika kwenye kadi, tukaibandika pembeni ya rula ya kupimia ili kila karani aseme yale yale:

"Namba yako tutaitumia kukupigia mzigo wako ukiwa tayari. Jengine: unaturuhusu tukutumie ujumbe wa bidhaa mpya, si zaidi ya mara mbili kwa mwezi? Ukisema hapana, mzigo wako tutakupigia vile vile. Ukikubali kisha ukachoka, bipu namba hii, tutaacha."

Maswali ni mawili na majibu ni mawili. Ukiyafunga pamoja, mteja anayetaka tu kupigiwa nguo yake ikiwa tayari atasema ndiyo kwa yote, nawe utadhani una ruhusa. Kwa hiyo kwenye daftari jipya, baada ya tarehe, namba na jina analopenda kuitwa, kuna safu ya mzigo na safu ya tangazo. Kila moja huandikwa ndiyo au hapana kwa mkono, kisha karani aliyeuliza anatia herufi za jina lake. Safu iliyoachwa tupu tunaihesabu hapana. Kadi nayo ina herufi yake, A kwa sasa. Tukibadilisha maneno itakuwa B, ili baada ya mwaka tujue huyu alikubali nini hasa.

Mdaiwa tuliweka asiulizwe mpaka amalize deni. Mtu unayemdai hawezi kukwambia hapana kwa moyo mkunjufu. Punguzo la bei nalo sikulitaka litolewe kwa anayekubali tu, kwa sababu "ndiyo" ya namna hiyo imenunuliwa, na walioitoa ndio wa kwanza kujitoa.

Jambo lililotupa kazi kubwa kuliko nilivyotazamia ni simu ya nyumba. Mke anaandikisha namba ya mume, bibi anaandikisha ya mjukuu. Mmoja alikuja kununua doria za harusi ya bintiye, na safari ilikuwa siri yake na dada zake, akataja namba ya mumewe kwa sababu ndiyo pekee aliyoikumbuka kwa kichwa. Ujumbe wa duka ungefika mfukoni mwa mtu mwengine kabisa. Tangu hapo, anayekubali matangazo tunamuomba abipu simu ya duka pale pale. Namba ikitokea kwenye kioo, karani anaisoma na kuandika. Kwa tendo hilo moja tunajua namba haijakosewa, simu iko mkononi mwa aliyekubali, na kubipu kwenyewe ameshakuzoea siku atakapotaka kujitoa. Kama simu hanayo, tunaandika mzigo tu.

Kutoka daftari kwenda kompyuta kuna mtego. Programu ya jedwali inaifuta sifuri ya mbele, na namba moja inaweza kuandikwa kwa namna tatu, mfumo ukaihesabu watu watatu. Namba ikiwa safu ya B, fomula hii ikikaa safu ya C huziweka zote katika sura moja:

```
="255"&RIGHT(SUBSTITUTE(B2," ",""),9)
```

Inachukua tarakimu tisa za mwisho, kwa hiyo sifuri ikipotea haidhuru. Ila Pemba ina ndugu zake Omani, na baadhi yao ni wateja wazuri wanaonunulia familia. Namba ya Omani ni 968 na tarakimu nane. Fomula ikiipitia itaibeba ile 8 ya mwisho wa 968 na kutoa namba yenye urefu sahihi kabisa, tarakimu 12, inayoanza na 2558. Namba zetu za mkononi baada ya 255 huanza na 6 au 7. Kwa hiyo ukiona 2558, simama. Wateja wa nje tumewaweka kwenye jedwali lao peke yao.

Tulipozisafisha zile 412 hivyo, 57 zilikuwa marudio na 23 zilipungua tarakimu, zikabaki 332. Hizo hatukuzitumia. Zimebaki ili karani amtambue mteja akirudi na amuulize. Kuanzia Rajabu mpaka katikati ya Ramadhani waliulizwa watu 118, wakakubali 71. Bi Mkubwa aliitazama hesabu ile akaguna. "Mwanangu, umenipunguzia watu." Nikamwambia hawa 71 ndio anaoweza kuwatumia ujumbe na kulala usingizi.

Tangazo la Idi liliondoka asubuhi saa nne, si Ijumaa, na mbali na saa za futari na tarawehe:

"DUKA LETU CHAKE: Vitenge na doria za kung'aa kwa Idi zimefika. Ulituruhusu kukutumia ujumbe wa mzigo mpya. Kuacha: bipu 077XXXXXXX, hulipi kitu."

Hapo palikuwa na mambo mawili. Ujumbe wa jumla mara nyingi hutoka kwa jina badala ya namba, jina lisilozidi herufi 11, na ujumbe wa jina haujibiki. Matangazo mengi yanaandika "jibu ACHA" huku mteja hana pa kujibu. Kwa hiyo tuliweka namba ya kawaida, kwenye simu ndogo ya vitufe inayokaa karibu na kasha la pesa.

La pili ni gharama. Mfumo ulituonyesha kila mtu atahesabiwa ujumbe tatu, na Bi Mkubwa akataka mstari wa kujitoa ukatwe ili upungue. Nikahesabu: herufi 144, na ujumbe mmoja hubeba 160. Kosa lilikuwa kwenye neno kung'aa. Maandishi yalinakiliwa kutoka simu iliyogeuza alama ile iliyosimama wima kuwa ya kupinda, na alama ya kupinda haimo katika seti ya herufi za kawaida za ujumbe mfupi. Ikiingia hata moja, ujumbe mzima unahamia seti nyengine inayobeba herufi 70 tu, au 67 kwa kila kipande ukigawanywa, kwa hiyo 144 zikawa vipande vitatu. Tukaiandika alama upya, kikarudi kimoja. Mstari wa kujitoa ukabaki.

Siku ile wakabipu watu wanne. Kila jioni karani anazisoma namba zilizobipu na kuziingiza, kwa sura ile ile ya 255, kwenye karatasi iitwayo Waliojitoa. Hazifutwi. Ukimfuta mtu, siku daftari la zamani litakapochapwa tena atarudi kama mgeni. Kabla ya kutuma, kila namba hupitishwa hapa, na isiyotoa 0 haitumiwi:

```
=COUNTIF(Waliojitoa!A:A,C2)
```

Akibipu mtu ambaye namba yake haimo kwenye orodha, huenda ametumia laini yake nyengine. Karani humpigia mara moja, anamuuliza tu ni namba ipi tuitoe. Bidhaa haitajwi katika simu hiyo.

Wiki moja kabla ya Idi yule mtu wa bafta alikuja, deni ameshalimaliza, akitafuta kitambaa cha kanzu za watoto. Rangi aliyoitaka ilikuwa imekwisha. Karani hakumjua, akamsomea kadi kama anavyomsomea kila mtu. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ya mzigo sawa, nipigieni. Ya matangazo hapana." Karani akaandika ndiyo, akaandika hapana, akatia herufi zake. Siku ya tatu kitambaa kikafika kwa boti, akapigiwa simu moja.